Laptopu inazima katikati ya gemu ikiwa kwenye betri? Achana na hiyo Ultimate Performance

Jamani ushauri mwingine ni wa kukupeleka shimoni. Huku kwetu umeme ukikatika mi naendelea na GTA V kwenye betri, sasa nikichomoa tu chaja fremu zinashuka kutoka 60 na kitu mpaka 30, halafu nikianza kukimbizana na polisi, pap, giza, na betri inasoma asilimia 40! Fundi mmoja akasema virusi, mwingine akataka laki na ushee aniongezee ramu.

Ila kilichonichosha ni wale wa "weka Ultimate Performance mzee, itapaa". Nikaweka huo mpango wa umeme wa Windows. Ilipaa kweli, maana ikawa inazima gemu hata haijamaliza kufunguka. Hapo ndo akili ikafunguka, kama ukiiruhusu ivute umeme zaidi inazima mapema zaidi, basi betri imezidiwa. Nikaingia Event Viewer, kila ilipozima kuna Kernel-Power 41 na BugcheckCode ni 0, yaani Windows haikupata hata nafasi ya kuonyesha skrini ya bluu, umeme ulikata tu ghafla.

Nikapiga `powercfg /batteryreport`. Betri ilitoka kiwandani na kama 48 Wh, sasa ikijaa inashika 30 hivi. Piga hesabu: prosesa ikiruka turbo inakula wati 40 na zaidi, GTX 1650 yangu ikiachiwa inafika 50, weka na skrini, unakaribia wati 100. Betri chakavu ukiivuta hivyo volti zinaporomoka na laptopu inajikata, hata kama asilimia bado zipo.

Dawa yangu ni hii, fungua cmd kama admin:

```
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Hiyo 99 ndo utamu wenyewe. Unaona umepunguza asilimia 1 tu, kumbe kwa prosesa nyingi turbo inazima kabisa, ile miruko ya ghafla inaisha. Na hiyo "dc" ni betri peke yake, ukichomeka chaja mambo yanarudi kama zamani, ukitaka kuifuta weka 100.

Zile fremu 30 nazo hazikuwa ugonjwa, ni Battery Boost ya NVIDIA inabana makusudi. Watu wanakwambia izime, mi nimeiacha, nikashusha na picha mpaka 1280x720. Fremu 30 zilizotulia ni tamu kuliko 50 za kurukaruka halafu giza.

Sasa polisi wananikimbiza mpaka nachoka mwenyewe, ila ikifika asilimia 20 hivi naacha, huko chini bado inaweza kukata. Betri mpya nimeulizia wanataka kama laki na nusu, hiyo ngoja kwanza mwisho wa mwezi.