Pauni 23, basi: nilivyobuku mtihani wa thiori Uingereza

Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha hapa Uingereza miezi 12 tu tangu uhamie, na haibadilishwi moja kwa moja, tofauti na ya Afrika Kusini. Baada ya hapo unaanza upya: lena, thiori, kisha barabarani. Nimeendesha Dar miaka tisa, lakini nilikuwa sina ujanja.

Lena ilipofika nyumbani Leicester nikataka kubuku usiku ule ule, nimetoka shifti, macho mazito. Nikaandika kwenye Google kwamba nataka kubuku thiori, nikabonyeza jina la kwanza lililotokea. Rangi za bluu na nyeupe, picha ya gari lenye bango la L, maelezo yamenyooka. Nikajaza jina na anwani. Nilipofika kwenye malipo nikakuta pauni 62, eti pamoja na kurudia bure mpaka nifaulu.

Nikampigia shemeji, yeye alifanya mwaka juzi. Akaniuliza swali moja: "Shem, wamekuonyesha kalenda?" Hawakunionyesha. Walikuwa wamenitaka niandike siku tatu ninazopendelea, halafu nisubiri barua pepe. "Basi funga hiyo," akasema. Yeye mwenyewe alishalipa watu wa namna hiyo. Mtihani walimbukia kweli, ila siku aliyokuwa kazini, na namba ya buking ilibaki kwao kwa hiyo hakuweza kubadilisha mwenyewe. Ule wa kurudia bure nao ulikuwa na masharti madogo madogo chini kabisa ya ukurasa.

Nikarudi kuangalia vizuri. Juu ya lile jina, kwa herufi ndogo, paliandikwa Sponsored, yaani tangazo la kulipiwa. Na kwenye anwani kulikuwa na theory, test na uk zimeunganishwa kwa vistari, lakini .gov.uk haikuwepo. Hapo ndipo pa kuangalia: ukiacha https:// ya mwanzo, yanayotangulia mkwaju wa kwanza, yaani alama ya /, lazima yawe gov.uk yenyewe au yaishie na .gov.uk, nukta ikiwemo. Kufuli dogo pembeni lisikudanganye, hata tapeli analo. Siku hizi sitafuti kabisa, naandika mwenyewe:

```
gov.uk/book-theory-test
```

Hapo unabonyeza Start now, unaweka namba ya lena yenye herufi na tarakimu 16, na bei ya gari ni pauni 23. Usipite haraka kwenye ukurasa wa msaada. Kiswahili hakipo, na mkalimani haruhusiwi tangu 2014, ila unaweza kuomba kusomewa maswali kwa Kiingereza kwenye hedifoni, bila kuongeza hata senti. Mimi Kiingereza cha kusikia kinaniingia kuliko cha kusoma, nikaweka tiki.

Kisha ukaja uamuzi wa kituo. Unaandika postikodi, vinatokea vya karibu pamoja na nafasi zilizo wazi hapo hapo. Birmingham palikuwa na nafasi kesho kutwa, Leicester mpaka wiki tatu mbele. Kidogo niichukue Birmingham. Lakini treni ni kama saa nzima, ikichelewa wanaweza kukukatalia mlangoni na pauni 23 zimekwenda. Na maswali ya mazoezi nilikuwa napata 38 kati ya 50, wakati kufaulu kunataka 43. Ukifeli unasubiri siku tatu kamili za kazi na kulipa tena. Nikachagua Leicester, Jumatano saa nne asubuhi, siku yangu ya pili ya mapumziko, maana ya kwanza baada ya shifti za usiku huwa nalala tu.

Wapo waliosema ningengoja zaidi, kwa sababu cheti cha thiori kinaishi miaka miwili tu na usipofaulu barabarani ndani yake unaanza tena. Ni kweli, kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Lakini mtihani wa barabarani huwezi kuubuku bila thiori, na foleni yake ni ya miezi. Kwa anayejua kuendesha, kuchelewesha thiori ni kujirudisha nyuma ya foleni.

Kubadilisha tarehe unaruhusiwa mradi zibaki siku tatu kamili za kazi katikati. Mtihani ukiwa Ijumaa, mwisho wako ni Jumatatu, maana siku unayobadilisha na siku ya mtihani hazihesabiwi. Mimi sikuhitaji. Barua pepe yenye namba ya buking iliingia papo hapo, nikaipiga picha ya skrini nikamtumia shemeji.

Jumatano ile kijana aliyekuwa mbele yangu alionyesha picha ya lena kwenye simu. Wanataka kadi yenyewe. Alirudishwa, nami nikapapasa mfuko mara mbili kabla sijafika dirishani. Nilitoka na 46, na sehemu ya pili ya mtihani, ile ya video za kutambua hatari barabarani, nikapita pia.