Kumi na Mbili ya Njano

Nne mara tano ni ishirini. Nilirudia mara mbili kwa sauti ya chini, peke yangu ofisini, saa kumi na moja jioni, maana kompyuta ilikuwa inanionyesha kumi na mbili.

Ilikuwa 2019, nikiwa mkaguzi wa ndani katika mamlaka moja ya maji. Kila mwaka tulikagua usimamizi wa vihatarishi kwa namna ileile: rejista ipo? Imesainiwa? Imehuishwa robo hii? Tiki, tiki, tiki. Mwaka ule niliamua kuchukua vihatarishi vilivyoandikwa na vituo vyenyewe na kukifuata kimoja kimoja kinavyopanda, kutoka kituoni hadi idarani, rejista kuu, kisha kabrasha la bodi.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Uwezekano wa kutokea unapewa alama 1 hadi 5, athari vilevile, unazidisha. Kikifika 15 kinakuwa chekundu na lazima bodi ikione robo hiyohiyo. Vituo vilikuwa na vyekundu tisa. Bodi ilikuwa imeona viwili. Vingi kati ya saba vilivyobaki vilikuwa vimetua kwenye 12, na hapo sikushangaa sana: kwenye jedwali la tano kwa tano hakuna 13 wala 14, kwa hiyo anayeikimbia 15 kituo chake cha kwanza ni 12.

Nilikuwa nimepewa nakala iliyochapwa. Nikaomba faili lenyewe la Excel. Safu za D na E zilikuwa zimefichwa, nikazifunua. Mistari mingine yote ilikuwa na fomula, mfano `=D8*E8`. Mstari wa tisa, kuharibika kwa pampu kuu ya chanzo, ulikuwa na 4, na 5, na pembeni yake 12 iliyochapwa kwa mkono. Rangi ikafuata namba: njano.

Kesho yake nikaenda kituoni. Kwenye rejista, kidhibiti kilikuwa kimeandikwa "pampu ya akiba ipo." Na kweli ilikuwepo, imepakwa rangi ya bluu vizuri kabisa. Ila nyuma yake, pale panapokaa mota, kulikuwa na bolti nne zimesimama tupu na buibui ameshajenga.

"Mota iko kwa fundi wa kusuka, dada," msimamizi wa kituo akaniambia. "Miezi minane sasa. Hajalipwa."

Akanifungulia daftari la zamu. Kila mwezi alikuwa ameandika sentensi ileile, kwa kalamu tofauti.

Ofisa mipango aliyekuwa anaunganisha rejista hakunificha kitu. Aliambiwa kwamba kwa vile kuna pampu ya akiba, ishirini ni kutishia bodi bure. Na hesabu yake haikuwa ya kijinga. Pampu ya akiba haizuii pampu kuu isiharibike, kwa hiyo uwezekano unabaki 4. Inachopunguza ni athari, kutoka 5 hadi 3. Nne mara tatu, kumi na mbili. Kushusha alama kwa sababu ya kidhibiti ni halali, ndiyo maana ya kihatarishi kilichobaki baada ya kidhibiti. Ila tangu kituoni hadi makao makuu hakuna aliyeuliza kama pampu ile inawaka, na aliyejua hakuulizwa.

Kwenye kikao cha kufunga ukaguzi, mkurugenzi akanigeukia. "Sasa mama, wewe unaona iwe ngapi? Iandike tu tuendelee."

Nusura niandike. Ningefanya hivyo kihatarishi kingekuwa changu, na mwaka unaofuata ningejikagua mwenyewe. Nikamsogezea karatasi meneja wa uzalishaji, ambaye ndiye mmiliki wake kwa mujibu wa rejista. Akaitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuzidisha namba mbili, kisha akakata 12 na kuandika 20.

Kamati ya Ukaguzi ya bodi ilikuwa na kurasa zangu kumi na nne mezani. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu kuhusu mstari wa tisa: fundi anadai shilingi ngapi? Menejimenti wakaangaliana. Mimi nilikuwa na nakala ya ankara: 1,850,000. Kahawa za kikao zilikuwa zimepoa. Hakuna aliyegusa kikombe.

Wiki tatu baadaye msimamizi wa kituo akanipigia.

"Dada, mota imefika."

"Imeshafungwa?"

"Bado. Wameileta bila kapulingi ya kuiunganisha na pampu."

Nikamwambia aandike kwenye daftari la zamu, na safari hii apeleke na kwenye rejista, siku hiyohiyo.