Nilivyozoea kutenganisha ugonjwa wa thairoidi na ugonjwa wa pituitari kwenye maswali ya kesi

Swali la tezi ya thairoidi kwenye mtihani wa tiba karibu kila mara huja na namba mbili, TSH na FT4, na mengi yanategemea unaanza kusoma ipi. Mimi huanza na FT4. Kwenye karatasi ya mazoezi naifunika TSH kwa kidole kabisa, nasoma FT4, kisha najiuliza: kama pituitari ya mgonjwa huyu ni nzima, sasa hivi ingekuwa inafanya nini? Nikishajijibu ndipo naondoa kidole.

Utaratibu huu nimeupata wodini, kwa dada mmoja aliyekuwa anasomea ubingwa. Nilikuwa namsomea majibu ya maabara: FT4 iko chini, TSH iko kawaida. Akanikatiza: "Mdogo wangu, hiyo TSH ni kawaida kwa nani? Kwa mtu mwenye FT4 kama hii?" Tangu siku hiyo sisomi TSH peke yake, na safu ya viwango vya kawaida iliyochapwa pembeni ya majibu siipi neno la mwisho.

Sababu yake ni hii. Pituitari inapima homoni ya thairoidi iliyomo kwenye damu na kujibu kwa kutoa TSH, na majibu yake ni makali mno. FT4 ikishuka kwa nusu, TSH haipandi mara mbili. Inaweza kupanda karibu mara mia. Kwa hiyo tezi yenyewe ikiharibika, ambao ndio ugonjwa wa praimari, FT4 ikishuka wazi utaona TSH ya 40, 60, hata zaidi ya 100 mIU/L. Ukikuta FT4 imeshuka vilevile lakini TSH imetulia kwenye 2, ujue pituitari imeshindwa kujibu. Kasoro iko juu, kwenye pituitari au haipothalamasi, na huo ndio ugonjwa wa sekondari. TSH haihitaji kuwa chini ili kuitwa sekondari. Inatosha iwe ndogo kuliko inavyopaswa.

Kesi ninayopenda kuifanyia mazoezi ni hii, kwa sababu huku kwetu mwanafunzi anaweza kukutana nayo kliniki na si kwenye karatasi tu. Mwanamke wa miaka 34 analalamika uchovu, baridi isiyoisha na kukosa choo. Miaka 3 iliyopita alijifungua, akavuja damu nyingi, akaongezewa damu. Maziwa hayakutoka kabisa na hedhi haijarudi. Presha ni 90/60, ngozi imepauka, shingoni hakuna uvimbe. Sodiamu ni 126 mmol/L, potasiamu ni 4.2. FT4 ni 6 pmol/L, wakati maabara inaanzia 10. TSH ni 2.1, wakati maabara inaruhusu 0.4 hadi 4.0.

Nikisoma FT4 ya 6, natarajia TSH ya makumi. Naondoa kidole, naona 2.1. Hapo tayari najua ni sekondari, na maelezo mengine yote yanapata mahali pake. Wakati wa ujauzito pituitari hukua, hasa sehemu ya mbele inayotengeneza prolaktini, bila njia zake za damu kuongezeka kwa kiasi hicho. Presha ikiporomoka kwa kuvuja damu, sehemu hiyo hukosa damu na kufa. Prolaktini ikikosekana, maziwa hayatoki. Homoni zinazoamsha ovari zikikosekana, hedhi hairudi. Huu ni ugonjwa wa Sheehan, na swali la maziwa ndilo ambalo mtahini hulificha katikati ya historia.

Potasiamu na ngozi navyo vina kazi. Mgonjwa huyu ana upungufu wa kortisoli pia, ila chanzo ni ukosefu wa ACTH. Tezi za adrenali zenyewe bado zinatoa aldosteroni, ambayo haiitegemei sana ACTH, ndiyo maana potasiamu haijapanda. Na kwa kuwa ACTH iko chini, ngozi imepauka badala ya kuwa nyeusi kuliko kawaida yake. Kama kesi ingesema ngozi na fizi zimekuwa nyeusi na potasiamu ni 5.9, ningeelekea kwenye ugonjwa wa adrenali zenyewe.

Kisha linakuja swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: utaanza na dawa gani? Levothairoksini inaharakisha mwili kuivunja kortisoli. Ukimpa levothairoksini peke yake mtu ambaye kortisoli yake tayari ni haba, unaweza kumsukuma kwenye mzozo wa adrenali: presha inaanguka, anatapika, anaweza kufa. Kwa hiyo kortisoli ya asubuhi inapimwa kwanza, na ikiwa ni ya chini, au mgonjwa ana hali mbaya na majibu yanachelewa, haidrokotisoni inatangulia na levothairoksini inafuata. Baadaye, kwenye ufuatiliaji, dozi inapangwa kwa FT4, ikilengwa nusu ya juu ya kiwango cha kawaida. TSH haina faida hapo, maana pituitari iliyokufa haiwezi kukuambia dozi imetosha.

Kuna mpaka mmoja unaostahili kukaa kichwani. Katika ugonjwa wa sekondari TSH huweza kupanda kidogo, tuseme 6 au 7, kwa sababu pituitari au haipothalamasi yenye hitilafu inasababisha kutolewa TSH ambayo maabara inaihesabu lakini nguvu yake ni ndogo. Anayekimbilia kanuni ya "TSH juu ni praimari" ataanguka hapo. Linganisha tena na FT4: TSH ya 7 ingeeleweka kama FT4 ingekuwa 11, lakini kwa FT4 ya 6 ni ndogo mno, na nitauliza kuhusu maumivu ya kichwa, uoni wa pembeni na hedhi.

Upande wa homoni kuzidi kanuni ni ileile, imegeuzwa. FT4 ikiwa 35, pituitari nzima inapaswa kunyamaza, TSH iwe chini ya 0.01. Ikiwa 4.5, fikiria uvimbe wa pituitari unaotoa TSH au mwili usioitikia homoni, baada ya kuhakikisha kipimo hakijadanganywa na kingamwili au vidonge vya bayotini. Ni nadra, sikai hapo sana.

Mtego wa kweli ni mgonjwa aliyeanza matibabu. Mwanamke wa miaka 28 ana ugonjwa wa Graves, anatumia kabimazoli kwa wiki 6, na sasa ana uchovu. FT4 ni 8, TSH ni chini ya 0.01. Ukisoma namba peke yake, ni sekondari kamili. Lakini pituitari yake ilinyamazishwa kwa muda mrefu na homoni iliyozidi, na kuamka kwake huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, hata FT4 ikishashuka. Kwa hiyo siku hizi kabla ya namba nasoma orodha ya dawa na tarehe zake. Jibu la kesi hiyo ni kupunguza kabimazoli kwa kufuata FT4 na kurudia kipimo baada ya wiki 4 hadi 6. MRI ya pituitari haina kazi hapo.