Ujumbe wa shukrani niliotuma baada ya usaili, na hoja moja niliyoiongeza

Kilichonipa cha kuandika hakikuwa hata swali la usaili. Tulikuwa tunamalizia, afisa rasilimali watu ameshafunga faili lake, ndipo mkuu wa stoo akasema kama mtu anayejisemea: "Kila mwisho wa mwezi tukihesabu, bidhaa zinazotembea haraka ndizo zinazotusumbua. Hesabu na mfumo havikubaliani." Nikamjibu kwa kifupi kwamba hali hiyo naifahamu, na kwamba mara nyingi chanzo huwa ni karatasi kuliko wizi. Akaitikia kwa kichwa. Msailiwa aliyefuata alikuwa ameshafika mlangoni, tukaagana.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya mtunza stoo kwenye ghala linalosambaza bidhaa kwa jumla, na jopo lilikuwa la watu watatu: hao wawili na mhasibu. Nilipotoka nilitafuta pa kukaa, nikaandika kwenye daftari yale waliyoyasema wao, si niliyoyasema mimi. Majibu yangu nayajua, hata kesho nitayakumbuka. Maneno yao ndiyo yanayopotea upesi, na hoja ya kuongeza kwenye ujumbe wa shukrani hutoka humo. Niliyaandika karibu kama yalivyotamkwa: "zinazotembea haraka", "mwisho wa mwezi", "havikubaliani".

Daftarini kulikuwa na mambo matatu ambayo ningeweza kuyatumia. Mhasibu alikuwa ameuliza kuhusu ripoti za kila wiki, na nilikuwa na la ziada kuhusu namna ninavyozipanga. Kulikuwa na cheti changu cha usalama kazini ambacho hakuna aliyekigusa. La tatu ni ile kauli ya mkuu wa stoo. Cheti nilikiacha, kwa kuwa kimo kwenye wasifu wangu na wanao mkononi. Swali la ripoti nililijibu vizuri palepale, kulirudia kungekuwa kujisifia upya. Kauli ya mkuu wa stoo ilikuwa na kitu ambacho hayo mawili hayakuwa nacho: ni shida inayomkera yeye kila mwezi, na mazungumzo yake yalikatika katikati. Mtu aliyekatizwa hasumbuki ukimrudisha pale mlipoishia.

Nilitaka kumwambia nini hasa? Chukua mfano mmoja. Mfumo unasoma katoni 312 za bidhaa fulani. Unakwenda kwenye rafu, unahesabu 288. Pungufu ni 24, na jambo la kwanza linalowajia watu kichwani ni kwamba kuna mkono mrefu. Lakini ukifungua faili la hati za kutolea mizigo unakuta katoni 24 zilipakiwa kwenye gari alfajiri, kabla hesabu haijaanza, ila hati yake ilikaa mezani ikaingizwa kwenye mfumo mchana. Rafu iko sahihi, mfumo ndio uliochelewa. Upande wa kupokea mambo hugeuka: mzigo umeshafika na umeshahesabiwa, hati yake bado haijaingizwa, basi rafu inaonekana ina ziada. Na ndiyo maana bidhaa zinazotembea haraka ndizo zinazoleta kelele. Haziibwi zaidi ya nyingine. Ni kwamba saa yoyote utakayoanza kuhesabu, zenyewe ndizo zenye hati nyingi zilizo njiani kati ya mlango wa stoo na kompyuta.

Dawa yake ni ya kazi za kawaida za ghala. Kabla ya kuhesabu, unaandika namba ya hati ya mwisho ya kupokelea na namba ya hati ya mwisho ya kutolea. Kila hati hadi kwenye namba hizo lazima iwe imeingizwa kwenye mfumo ndipo ulinganishe. Zinazofuata zinasubiri hadi hesabu ifungwe. Hiyo ndiyo hoja, na inatosha. Nilikuwa naweza kuendelea: kuna watu wanaoingiza katoni kama vipande, kuna bidhaa moja kuwekwa sehemu mbili. Nikajizuia. Hoja moja mtu anaisoma na kuibeba. Zikiwa tano, ujumbe wa shukrani umegeuka ripoti ya mshauri ambaye hakuna aliyemwita.

Niliandika ujumbe jioni ileile, nikaulaza, nikausoma tena asubuhi na kuutuma mapema saa za kazi zilipoanza. Sikufungua barua pepe mpya. Nilijibu kwenye ileile waliyonialika nayo, ili afisa rasilimali watu asianze kutafuta mimi ni nani na niliomba nafasi gani. Ulikuwa hivi:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Asante kwa muda mlionipa jana, wewe pamoja na Mkuu wa Stoo na Mhasibu. Nimefurahi kupata picha ya namna mizigo inavyopokelewa na kutolewa siku nzima bila kusimama.

Mkuu wa Stoo aligusia hesabu na mfumo kutokubaliana mwisho wa mwezi kwa bidhaa zinazotembea haraka, na muda haukutosha kuliendeleza. Katika kazi yangu iliyopita, hatua iliyotusaidia zaidi ilikuwa kuandika namba ya hati ya mwisho ya kupokelea na ya mwisho ya kutolea kabla ya kuanza kuhesabu, kisha kuhakikisha kila hati hadi namba hizo imeshaingizwa kwenye mfumo. Tofauti nyingi ziliondoka hapohapo, tukabaki na chache za kufuatilia moja moja. Huenda hapo kwenu hili linafanyika tayari. Nimelitaja kwa kuwa ni kazi niliyoifanya mwenyewe na ningependa kuiendeleza.

Nitashukuru ukimfikishia. Nipo tayari kwa hatua inayofuata."

Sentensi iliyonichukua muda mrefu zaidi ni ile inayoanza na "Huenda". Rasimu ya kwanza ilikuwa inasema "tatizo lenu ni hati zinazochelewa kuingizwa". Hiyo ilikuwa lazima iondoke. Sijawahi kuingia kwenye stoo yao, sijaona hati hata moja, halafu nimwambie mtu aliyelilea ghala lile kwamba ugonjwa wake ni huu? Nilichokuwa nacho kwa hakika ni kile nilichokifanya nilikotoka. Kwa hiyo nilikisema kama uzoefu wangu, nikamwachia yeye alinganishe na hali yake. Ukitaka kujua kama ujumbe wako umevuka mpaka, tazama kila sentensi ya hoja inamhusu nani. Ikianza na "ninyi mna" au "mngepaswa", irudishe kwenye "mimi nilifanya".

Nililinda pia siri za nilikotoka. Sikutaja jina la mwajiri wala mteja, wala sikusema hasara ilikuwa kiasi gani. Anayekuajiri anasoma pia namna unavyozungumzia ofisi ya watu, kwa sababu kesho utaizungumzia ya kwake.

Shukrani yenyewe sikuifuta, ila niliifunga kwenye kitu nilichokiona: mizigo inayoingia na kutoka bila kusimama. "Asante sana kwa nafasi hii adhimu" ingeweza kutumwa na msailiwa yeyote, hata na asiyefika. Sikuambatanisha faili. Sikuuliza majibu yatatoka lini, kwa sababu walishatuambia, na swali hilo lingemfanya msomaji ahisi shukrani ilikuwa njia tu ya kufika hapo. Wala sikuwatumia watatu wote ujumbe uleule mmoja mmoja. Wakikaa kujadili na kukuta maneno yanafanana, ladha yote imekwisha. Anuani niliyopewa rasmi ilikuwa ya afisa rasilimali watu, kwa hiyo nilipitia kwake.

Mchana mkuu wa stoo akanijibu mwenyewe, bila salamu ndefu: "Asante. Na mzigo ukiingia katikati ya kuhesabu, mlikuwa mnafanyaje?"

Hapo ndipo nilipojua hoja imefika. Mtu anayetaka tu kukuridhisha hujibu "tumepokea, asante". Huyu alikuwa ameichukua na kuipeleka mbele, kwenye sehemu ngumu zaidi ya jambo lenyewe. Nikamjibu kwa ufupi uleule: "Tulikuwa tunaupokea kama kawaida, ila unawekwa eneo la pembeni na kubandikwa alama kuwa usihesabiwe. Hati yake inachukua namba inayofuata ile ya mwisho tuliyoiandika, na inaingizwa baada ya hesabu kufungwa." Basi. Sikuongeza sifa zangu wala kumkumbusha kwamba natafuta kazi. Anajua.

Niseme pia pale ambapo njia hii haisaidii, maana nimeona watu wakiitegemea kupita kiasi. Kuna saili ambazo kila jibu linapewa alama kwenye fomu, na fomu zinasainiwa kabla hujafika nyumbani. Huko hoja yako nzuri ya kesho haina pa kuandikwa. Ukiambiwa kwenye barua ya mwaliko kwamba wasailiwa wasiwasiliane na jopo, hilo ni katazo, na ujumbe wa shukrani nao umo. Na kama uliulizwa jambo la msingi la kazi ukalikosa kabisa, aya moja ya baadaye haitaliziba. Hoja ya kuongeza hufanya kazi pale ambapo wewe tayari ni mmoja wa wanaofikiriwa, na msomaji ana sababu ndogo tu ya kukuchagua au kukuacha.

Nikaitwa mara ya pili, safari hii ndani ya stoo yenyewe. Mkuu wa stoo alikuwa na karatasi ya hesabu ya mwezi uliopita na rundo la hati, akaniambia, "Ulichoandika, nionyeshe." Nikazipanga kwa namba, nikaanza na bidhaa zenye tofauti kubwa. Baadhi zilijieleza kwa hati zilizochelewa kuingizwa. Moja haikujieleza kwa karatasi yoyote iliyokuwa mezani, nikamwambia hivyo: hii inahitaji kuhesabiwa upya, na mhesabu awe mwingine. Aliuliza kwa nini awe mwingine, nikamweleza kwamba aliyehesabu mwanzo huwa anaikumbuka namba yake na macho yanaitafuta hiyohiyo. Hakusema kitu, akaandika pembeni mwa karatasi.

Kazi niliipata. Siwezi kusema ni ujumbe ulionipa, kwa kuwa walizungumza pia na wadhamini wangu. Ninachojua ni kwamba mazungumzo ya mara ya pili yalianzia pale nilipoishia kuandika.

Baada ya siku ile ya stoo niliwaandikia tena. Nililifungua daftari nikitafuta jambo lililobaki likining'inia, na halikuwepo: kila swali lilikuwa limejibiwa juu ya hati zenyewe. Kwa hiyo safari hiyo nilimshukuru mkuu wa stoo kwa kunifungulia makaratasi yake, nikamwambia siku ambayo ningeweza kuanza, nikaweka jina langu.