Lukemia yangu, kidonge cha kila siku, na miezi sita ya dawa za kifua kikuu

Picha kamili ya damu niliyopigwa hapa Moshi ilionyesha seli nyeupe 186,000 katika kila mikrolita ya damu, wakati mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000 tu. Nilikuwa nimekwenda hospitali kwa sababu ya uzito uliokaa chini ya mbavu za kushoto na kunifanya nishibe baada ya vijiko vichache vya mtori. Huku kwetu bandama ikivimba watu huwaza malaria kwanza, na mimi nilishatibiwa malaria mara mbili mwaka huo. Daktari alipoipapasa bandama na kuikuta imeshuka karibu na kitovu, aliitazama tena ile karatasi, akaniambia kwamba anashuku lukemia sugu ya mailoidi, yaani saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho wa mifupa na kukua polepole, na kwamba hatanipa dawa yake mahususi mpaka athibitishe jambo moja: kama kromosomu ya Filadelfia ipo.

Jina hilo linatokana na mji wa Marekani ambako Peter Nowell na David Hungerford, mwaka 1960, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa lukemia hii. Wakati huo ilidhaniwa kwamba kipande chake kimepotea. Mwaka 1973 Janet Rowley, aliyekuwa akifanya kazi Chicago, alionyesha kwamba hakuna kilichopotea. Kromosomu namba 9 na kromosomu namba 22 zimekatika na kubadilishana ncha, na kile kipande kilichokosekana kwenye namba 22 kimekwenda kukaa kwenye namba 9. Madhara yanatoka pale zilipoungwa. Jeni iitwayo ABL1, ambayo makao yake ni kromosomu 9, huhamia kromosomu 22 na kushikana na jeni iitwayo BCR, na kutokana na muungano huo seli hutengeneza protini ambayo haikuwapo mwilini hapo awali. ABL1 katika hali yake ya kawaida ni kimeng'enya kinachoihimiza seli kugawanyika pale tu inapohitajika, kisha hujizuia chenyewe. Kikishaungwa na BCR hupoteza uwezo huo wa kujizuia, kikawa kinahimiza mchana na usiku.

Mke wangu aliuliza swali ambalo nami lilikuwa likinisumbua, kama watoto wetu wangeweza kurithi ugonjwa huu. Daktari alimjibu, «Hapana mama, badiliko hili limetokea katika seli moja ya uboho wa mzee baada ya yeye kuwa mtu mzima, na seli hiyo imezaa nyingine nyingi. Halimo katika mbegu zake za uzazi.» Jibu hilo lilitupa usingizi.

Majibu yalipokuwa yakisubiriwa nilipewa hidroksiurea, ambayo ilizishusha seli nyeupe na kupunguza bandama kwa haraka. Naitaja kwa sababu mgonjwa anaweza kuona nafuu hiyo akadhani amepata tiba. Hidroksiurea hupunguza idadi ya seli lakini haigusi ile protini, kwa hiyo ugonjwa huendelea na safari yake kuelekea hatua ya mwisho, ambapo seli changa hufurika kwenye damu na matibabu huwa magumu sana. Kabla ya vidonge vya sasa, wagonjwa wengi waliishi miaka michache tu. Kupandikizwa uboho kuliwaponya baadhi yao, lakini kulihitaji mtu wa kuchangia anayelingana na mgonjwa, na wengine walikufa kwa upandikizaji wenyewe.

Kipimo cha BCR-ABL kiliporudi kikiwa na asilimia 62, nilianzishiwa imatinib, miligramu 400, mara moja kwa siku pamoja na mlo mkubwa na maji mengi. Protini ile ya muungano hufanya kazi kwa kupokea ATP, chanzo cha nguvu cha seli, katika kishimo kidogo kilicho juu yake. Imatinib huingia katika kishimo hicho na kukaa humo, kama kijiti kilichovunjikia ndani ya tundu la kufuli, hata ufunguo ukose pa kuingia. Daktari Mmarekani Brian Druker na wenzake walianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 2001. Katika utafiti mkubwa ulioilinganisha na interferoni, dawa ya sindano iliyotumika kabla yake, takriban asilimia 83 ya walioanza na imatinib walikuwa hai baada ya miaka 10. Tofauti hiyo na zamani imekuja kwa sababu ugonjwa wote huu unategemea kosa moja, na dawa imetengenezwa kulikabili kosa hilohilo. Saratani nyingi zina makosa mengi kwa pamoja, na ndiyo maana mafanikio ya namna hii hayajapatikana kila mahali.

Mimi hupata vidonge vyangu bila malipo kupitia mpango wa msaada, na wala sikupata madhara makubwa. Kope zangu huvimba asubuhi, kiasi kwamba wenzangu katika ofisi ya ushirika wa kahawa walidhani silali, na misuli ya ndama hukaza usiku. Nilichojifunza mapema ni kwamba imatinib haiing'oi kromosomu iliyoharibika. Inaifunga protini kwa muda ule tu ambao dawa ipo ya kutosha katika damu, hivyo kukosa vidonge vitatu kwa mwezi, ambavyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya dozi, kunatosha kupunguza sana uwezekano wa ugonjwa kushuka hadi panapotakiwa.

Panapotakiwa hupimwa kwa PCR, ambayo huhesabu nakala za jeni ile ya muungano. Mashine ya GeneXpert, hiyohiyo inayopima makohozi ya kifua kikuu, ina katriji yake ya kazi hii. Kipimo hutolewa kwa asilimia kwenye mizani ya kimataifa, na lengo ni kufika asilimia 10 au chini yake baada ya miezi 3, asilimia 1 au chini yake baada ya miezi 6, na asilimia 0.1 au chini yake baada ya miezi 12. Mimi nilipata 7.9, kisha 0.8, kisha 0.09, na mwaka uliofuata nikafika 0.03. Picha ya damu ilikuwa imerudi kawaida tangu wiki za mwanzo, na baadaye niliona kwa macho yangu jinsi picha hiyo nzuri inavyoweza kuficha mambo.

Mwaka wa tatu nilipata kikohozi kisichokwisha, nikitokwa jasho usiku na kupungua uzito. Niliogopa kwamba lukemia imeamka, lakini makohozi yalionyesha kifua kikuu. Katika kliniki ya kifua kikuu nilitoa kadi yangu yenye jina la kila dawa ninayotumia, na muuguzi alipoona imatinib alisimamisha kila kitu, akampigia simu daktari wangu wa saratani. Kilichomshtua ni rifampisini, ambayo ndiyo mhimili wa tiba ya kifua kikuu kwa miezi yote sita. Rifampisini huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja imatinib, na katika vipimo vilivyofanywa kwa watu wenye afya ilipunguza kiasi cha imatinib kinachoufikia mwili kwa karibu robo tatu. Ningeendelea na miligramu zangu 400 nikimeza kwa uaminifu kila siku, huku ndani ya damu nikiwa kama mtu anayemeza kidogo mno.

Nilipendekeza nimeze dawa za kifua kikuu alfajiri na imatinib usiku ili zisikutane. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kutenganisha saa hakusaidii, kwa sababu zile dawa mbili hazigombani tumboni. Ini likishaongeza vimeng'enya vyake huvitumia saa zote, na hata baada ya rifampisini kusimama huchukua kama wiki mbili kurudi lilivyokuwa. Kuiondoa rifampisini nako kungeidhoofisha tiba ya kifua kikuu, ugonjwa ambao ungeweza kuniua kabla ya lukemia. Uamuzi ukawa kupandisha imatinib hadi miligramu 600, yaani kidonge kimoja cha 400 na viwili vya 100, pamoja na kupima ini kila mwezi, kwa kuwa dawa za kifua kikuu na imatinib zote zinaweza kulidhuru. Nisisitize hapa kwamba dozi hiyo iliamuliwa na daktari aliyekuwa na majibu yangu mezani. Si ya mtu kujipangia.

Katika mwezi wa tatu wa tiba hiyo, huku mkojo ukiwa na rangi ya chungwa kama ilivyo kawaida kwa anayetumia rifampisini, nilipimwa tena. Seli nyeupe zilikuwa 6,100, na mtu yeyote angesema niko salama. PCR ilisema 0.4. Kwa nusu ya mwaka iliyotangulia nilikuwa nimekaa kwenye 0.03, hivyo ugonjwa ulikuwa umepanda zaidi ya mara kumi bila kuonekana kwenye picha ya damu, kwa maana hata miligramu 600 hazikufidia zote zilizovunjwa na ini.

Kupanda kwa namna hiyo kuna sababu mbili zinazopaswa kutenganishwa. Ya kwanza ni upungufu wa dawa katika damu, iwe kwa kukosa vidonge au kwa dawa nyingine kuingilia. Ya pili ni badiliko jipya ndani ya jeni lenyewe. Linalojulikana zaidi ni T315I, ambalo hubadilisha umbo la kile kishimo hata imatinib isiingie tena. Badiliko hilo linazishinda hata dasatinib na nilotinib, dawa za kundi hilohilo zilizokuja baada ya imatinib, kwa hiyo kuongeza dozi hakufai kitu, na mgonjwa huhitaji dawa za aina nyingine kama ponatinib au asciminib. Kwangu sababu ya kwanza ilikuwa wazi, na daktari alipanga kwamba kama namba ingekuwa bado juu miezi mitatu baada ya rifampisini kwisha, sampuli yangu ingetumwa kutafutwa mabadiliko hayo.

Nilimaliza dawa za kifua kikuu, makohozi yakawa safi, na wiki mbili baadaye nikarudishwa kwenye miligramu 400. Kipimo kilichofuata kilionyesha 0.07, na kilichofuata baada ya hapo 0.02, hivyo sampuli haikutumwa.

Mwaka huu niliuliza kama siku moja ninaweza kuacha vidonge. Daktari alisema wapo wanaoacha, lakini ni wale waliokaa miaka kadhaa kwenye kiwango cha chini kuliko changu, na hata kati yao karibu nusu ugonjwa hurudi, wengi wao ndani ya miezi sita ya kwanza. Ndiyo sababu anayeacha hupimwa PCR kila mwezi katika kipindi hicho, na huku kwetu katriji hupatikana kwa vipindi. Tumekubaliana niendelee na kidonge changu cha jioni, na nipimwe kila baada ya miezi mitatu katriji zinapokuwapo.