Clear cache na Clear data: moja ilinifutia meseji za siku nzima, nyingine ikaokoa simu ya dada

Wiki iliyopita dada kanipigia, simu yake inamwambia nafasi imejaa, haipigi picha, haipokei video, na kuna mtu kamwambia aingie kwenye setingi abonyeze Clear data kwenye WhatsApp itapungua yote. Nikamwambia dada subiri, usiguse kitu, nakuja. Maana mimi hiyo kitufe nishaibonyeza na najua inachofanya.

Yangu ilikuwa mwaka jana, saa 3 usiku, simu inasota, nikafungua Settings, Apps, WhatsApp, Storage, nikaona vitufe viwili vimekaa pamoja, nikabonyeza Clear data nikijua nafuta takataka. Ikaniuliza kama nina uhakika, nikakubali bila kusoma. Nilipofungua WhatsApp ikanikaribisha kama mtu mgeni, weka namba, subiri code ya kuthibitisha. Hapo ndo moyo ukashtuka. Bahati nilikuwa nimewasha bekapu ya kila siku kwenye akaunti ya Google, basi baada ya kuthibitisha namba ikaikuta ikaniuliza nirudishe, nikabonyeza Restore. Chati zikarudi, ila bekapu ile ilifanyika saa 8 usiku, na mimi nimefuta saa 3 usiku iliyofuata, kwa hiyo masaa 19 ya meseji yalipotea. Ndani ya masaa hayo mteja alikuwa kanitumia vipimo vya kabati, urefu, upana, na mahali pa kuacha tundu la waya. Ilibidi nimpigie nimuombe anitumie upya, na aliweza kwa sababu kwake meseji bado ipo. Ukifuta kwako, kwa mwenzio haiguswi, hilo ukumbuke likikukuta.

Na kama ningebonyeza Skip badala ya Restore pale, ningekuwa pabaya zaidi, kwa sababu ile nafasi ya kurudisha inakuja pale unaposajili namba. Ukiruka, unaanza na WhatsApp tupu, na bekapu mpya inayofuata itakuwa ni ya hiyo hiyo tupu.

Tofauti yenyewe iko hivi. Kache ni vitu ambavyo app inaweza kuvitengeneza au kuvishusha tena: vipicha vidogo, vipande vya video ulizokwisha angalia, kurasa zilizofunguliwa. Android yenyewe nafasi ikibana ina ruhusa ya kufuta kache bila kukuuliza, kwa hiyo aliyetengeneza app anajua kabisa hatakiwi kuweka humo kitu cha maana. Data ni kila kitu kilichobaki ambacho ni chako: akaunti uliyoingia nayo, setingi zako, na ile faili ya database ambamo chati zimeandikwa. WhatsApp chati zake zinaishi humo, ndani ya simu. Ndo maana Clear data inazifuta na Clear cache haizigusi.

Kwenye simu nyingine kitufe kimeandikwa Clear storage badala ya Clear data, ni kile kile. Kuna simu zina kitufe kimoja tu chini, Clear data, ukikibonyeza ndo inakufungulia machaguo mawili, Clear all data na Clear cache. Kwenye simu yangu kache inafutika hapo hapo bila swali, ila nyingine zinauliza zote mbili, kwa hiyo swali likitokea lisome. Likisema data ya app itafutwa moja kwa moja, ikataja mafaili na setingi, rudi nyuma.

Basi nikafika kwa dada. Simu yake ni ya GB 32 na imebaki MB 400. Kabla ya chochote nikafungua WhatsApp yake, Settings, Chats, Chat backup, nikaangalia tarehe ya bekapu ya mwisho. Miezi mitano nyuma! Yaani angebonyeza kile kitufe angeweza kupoteza miezi mitano. Nikabonyeza Back up tukasubiri imalize, hata kama sikuwa na mpango wa kugusa data.

Halafu nikaingia kwenye ukurasa wa storage wa WhatsApp. Pale kuna mistari, ukubwa wa app, User data, na Cache. Kache yake ilikuwa MB 310 tu. Data GB 1.9. Dada akaona akasema, "Si umeona, hiyo kubwa ndo ya kufuta." Nikamwambia dada, hiyo kubwa ndo mazungumzo yako. Nikafuta kache, ikasoma 0 B, nikamfungulia WhatsApp aone mwenyewe. Akaenda mpaka kwenye grupu la familia, akapanda juu mpaka meseji za zamani, zote zipo.

Ila MB 310 si kitu kwa simu iliyojaa, na hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanang'ang'ania app ya chati wakati mzigo uko kwingine. Nikapanga app zake kwa ukubwa, app yake ya video fupi ilikuwa na kache ya GB 2.6, brauza MB 900. Nikafuta kache za hizo mbili, ukijumlisha na ile ya WhatsApp ni kama GB 3.8. Hakuna alichopoteza, siku ya kwanza tu video zilichelewa kidogo kufunguka na bando likaliwa zaidi kwa sababu zinashushwa upya.

Kupunguza WhatsApp yenyewe tulifanya kutokea ndani ya WhatsApp, Settings, Storage and data, Manage storage. Pale inakupangia vitu vilivyozidi MB 5 na vile vilivyosambazwa mara nyingi. Dada akakaa nazo, video moja moja, akafuta kama GB 2.3 za video za grupu. Nilimsisitiza asichague zote kwa mpigo, maana video ya zamani ukiifuta huko usitegemee kuishusha tena, haikai kwenye seva ikikungoja.

Akaniuliza kuhusu Telegram. Hiyo iko tofauti, chati zake za kawaida zinakaa kwenye seva, ukifuta data unatolewa tu kwenye akaunti, ukiingia tena zinarudi. Isipokuwa secret chat, hizo ziko ndani ya simu hiyo peke yake na hazirudi. Na wa iPhone msitafute kitufe cha kache kwenye setingi za mfumo, hakipo, mtakuta Offload App ambayo inatoa app na kuacha data, na Delete App ambayo inabeba vyote.

Jana dada kanipigia tena, kache ya ile app ya video imeshafika GB 1, anauliza kama kuna kitu hakikufutika vizuri. Nikamwambia ilifutika, ni kwamba anaitumia kila siku na inajaza upya, aiache mpaka simu ibane tena. Na bekapu tumeiweka Daily.