Pembezoni mwa ukungu

Wiki hii, nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wa maabara kusoma sahani za kuoteshea bakteria, mmoja wao alitaka kutupa sahani iliyovamiwa na ukungu, nami nikamwomba kwanza, bila kufunua kifuniko, aangalie pembezoni mwa ukungu huo. Hapo ndipo Alexander Fleming alipotazama Septemba 1928, aliporudi kutoka likizoni katika Hospitali ya St Mary's, London: makoloni ya bakteria wa stafilokokasi yaliyokuwa mbali yalikuwa yamestawi, ilhali yale yaliyoukaribia ukungu yalikuwa yakiyeyuka na kubaki kama vivuli.

Kazi ngumu, ambayo kwa maoni yangu husahauliwa mno, ilikuwa kupata kwa wingi wa kutosha penisilini, dawa inayotolewa na ukungu huo na kuua bakteria. Mwaka 1941 watafiti wa Oxford walimtibu polisi mmoja, akapata nafuu, lakini dawa ikaisha licha ya kuichuja tena kutoka kwenye mkojo wake, naye akafariki. Wakati huo ukungu ulioteshwa juu ya kimiminika katika vyombo vya kina kifupi, kwa kuwa unahitaji hewa. Huko Peoria, Marekani, watafiti walitumia maji yaliyolowekewa mahindi, ambayo ni mabaki ya viwanda vya wanga, na mavuno yakaongezeka mara kadhaa. Kisha, kutoka kwenye tikiti lililooza, wakapata aina ya ukungu iliyotoa dawa nyingi zaidi hata ilipozamishwa. Ndipo matangi makubwa yalipoleta faida, mradi hewa safi ipulizwe ndani bila kukoma, kwani bakteria wageni wakipenya huweza kutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini na kuharibu tangi zima.